Vitufe Vilevile, Neno Jingine

Ujumbe wa mama mdogo ulikuwa na sentensi tatu fupi: "Kaka anakula kesho saa sita. Maji yote imefika. Tuna pesa."

Niliusoma nikiwa kwenye daladala, nikafurahi. Mtaa wao kule Muheza ulikuwa na shida ya maji kwa wiki mbili, na sasa nilidhani bomba limefunguliwa. Kaka yangu nikaona kaalikwa mahali chakula cha mchana. Na kwa kuwa pesa wanayo, sikuwa na haraka ya kutuma ile nauli ya mzigo niliyoahidi kumkopesha. Nikajibu "Alhamdulillahi" na kuirudisha simu mfukoni.

Kesho yake saa saba mchana kaka alinipigia kwa simu ya mtu, akiwa stendi ya Mbezi, akiuliza mbona sijaja kumpokea. Jioni yake mama mdogo akabipu, nikampigia. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza taratibu, "Mwanangu, makuli wanataka hela yao tangu jana. Umekwama?" Marobota yake ya mitumba yalikuwa yameshushwa kwenye lori, na hakuna aliyekubali kuyasogeza mpaka alipwe.

Alichoandika mama mdogo, au tuseme alichokusudia kuandika, ni hiki: "Kaka anakuja kesho saa sita. Mali yote imefika. Tuma pesa." Vidole vyake havikukosea hata mara moja. Alibonyeza vitufe vilevile ambavyo angebonyeza kwa maneno sahihi. Simu yake, kitochi cha kawaida chenye vitufe, ndiyo iliyochagua maneno mengine kwa niaba yake, na kila neno ililochagua ni Kiswahili safi. Hapo ndipo penye hatari. Mtu anayeandika kwa kubonyeza kila herufi akikosea huandika "pdsa" au "majj", na msomaji anajua mara moja kwamba kidole kimeteleza. Neno lililochaguliwa na simu halina kovu lolote la kukuonya.

Kitufe kimoja cha simu hizi kimebeba herufi tatu au nne. Kwenye 2 kuna a, b na c. Kwenye 5 kuna j, k na l. Kwenye 7 kuna p, q, r na s. Kwa njia ya zamani, kuandika "pesa" kunahitaji kubonyeza mara nane: 7 mara moja upate p, 3 mara mbili upate e, 7 mara nne upate s, 2 mara moja upate a. Kwa njia ya kutabiri unabonyeza mara nne tu, 7-3-7-2, kila kitufe mara moja, kisha simu inatafuta kwenye kamusi yake neno linaloweza kutoka kwenye vitufe hivyo. Mfumo uliojulikana kuliko yote uliitwa T9, na ulibuniwa miaka ya 1990 na kampuni ya Tegic ya Seattle, Marekani. Mmoja wa wabunifu wake, Cliff Kushler, alitoka kwenye kazi ya kutengeneza vifaa vya kuwasaidia watu wasioweza kusema. Nokia 3210, iliyotoka mwaka 1999, ilikuwa nao, na baada ya hapo ukasambaa hadi kwenye simu za bei ya chini kabisa.

Chukua vitufe vya neno "mali": 6-2-5-4. Kila kimoja kati ya hivyo vinne kina herufi tatu, kwa hiyo kuna michanganyiko 81 inayowezekana. Mingi haisomeki. Simu hupitia kamusi yake, ikakuta mmoja au miwili iliyo maneno, ikakuletea lile inaloliona la kawaida zaidi. Kama silo, unabonyeza nyota na kuletewa linalofuata. Kama kamusi haina neno lolote la vitufe hivyo, aina nyingi za simu hizi huweka alama ya kuuliza mwishoni na kukuonyesha `Spell` chini ya kioo. Ukiibonyeza unaliandika neno kwa njia ya zamani, na simu inaliweka kwenye kumbukumbu yake. Tangu siku hiyo inalijua.

Simu ya mama mdogo ilikuwa na kamusi ya Kiingereza. Kiswahili alichokijua kitochi kile kilifundishwa neno kwa neno na binti yake. Nilipokwenda Muheza mwezi uliofuata niliishika simu ile, tukakaa naye kibarazani, nikabonyeza yale maneno matatu moja baada ya jingine.

Nilipobonyeza 2-6-2-5-8-5-2, kioo kikaandika "anakula". Hakikuweka alama ya kuuliza wala onyo lolote. Mama mdogo alikumbuka lilikotoka. Mwaka uliotangulia, bibi alipokuwa mgonjwa, alikuwa akinitumia habari zake kila jioni, na habari yenyewe ilikuwa moja: bibi anakula, au bibi hajala. Simu ilifundishwa neno hilo wakati ule. "Anakuja" haikuwahi kufundishwa, na kwa kuwa vitufe vyake ni vilevile, haingeweza kufundishwa kwa bahati, maana kila mara simu ilikuwa na jibu tayari na haikuuliza. "Maji" nayo ilifundishwa wakati wa shida ya maji. "Mali", ambalo kwa mfanyabiashara ni neno la kila siku, alizoea kulitamka dukani lakini hakuwa amewahi kuliandika. Na "tuna" ilikuwemo kwenye simu tangu dukani, kwa sababu Kiingereza kina neno linaloandikwa hivyohivyo, jina la samaki jodari. Alibonyeza 8-8-6-2 akitaka "tuma", simu ikamletea samaki wa Kiingereza, na mimi nikamsoma kama Kiswahili.

Niliuliza kwa nini hakuona kwenye kioo. Akanionyesha anavyoandika: macho yapo kwenye vitufe. Na ana sababu nzuri. Ukiwa katikati ya neno, herufi za kioo hurukaruka, kila kitufe kinabadilisha zilizotangulia, mpaka mtu anajifunza kwamba hakuna maana ya kuangalia kabla neno halijaisha. Lakini neno likiisha, kidole kimeshakwenda kwenye 0 kuweka nafasi, na la pili limeanza. Maneno mengine ya ujumbe ule aliyasahihisha kwa nyota. Matatu yakampita.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika maneno ya Kiswahili kwa namba, kwenye daftari, kuona yapi yanagongana. Jambo la kwanza lililonishangaza ni lilivyo zuri kwa lugha yetu. Irabu zetu tano zimekaa kila moja kwenye kitufe chake: a kwenye 2, e kwenye 3, i kwenye 4, o kwenye 6, u kwenye 8. Hakuna mbili zinazoishi pamoja. Kwa hiyo simu inapokosea neno la Kiswahili, karibu kila mara irabu hubaki pale pale na hesabu ya herufi haibadiliki. Kinachohama ni konsonanti, nayo huhamia kwa jirani yake wa kitufe. Majirani ni wachache: m na n, t na v, d na f, g na h, p, r na s, j, k na l, w, y na z. Ukishawajua hao, neno lililopotea linatafutika kichwani bila simu. "Kula" ina majirani wawili wa 5, basi jaribu k, l na j kwa zamu, na mara moja unaiona "kuja". Hata bila kujua kitufe ni cha namba gani, sikio linakusaidia, kwa kuwa neno jipya lina mapigo yaleyale: ku-la, ku-ja, pe-sa, se-ra, ka-ka, la-la, ku-mi, ku-ni. Irabu kukaa mahali pa konsonanti hutokea, lakini mara chache. Mfano mmoja ni "bibi" na "chai", ambayo yote ni 2-4-2-4. Mtu akikuandikia kwamba amemwachia chai mtoto amlee, jaribu hilo.

Jambo la pili halikunifurahisha. Maneno yanayogongana zaidi ni yale mafupi tunayoyatumia kila dakika. Vitufe vya "mimi", 6-4-6-4, ni vya "nini" pia. "Wewe" na "yeye" yote ni 9-3-9-3. "Sisi" ni 7-4-7-4, sawa na "siri" na sawa na "pipi". "Nani" na "nami" ni namba moja, na "kama" ni namba moja na "jana". Yaani anayesema, anayeambiwa na anayesemwa, wote watatu wanaweza kubadilishwa bila alama yoyote. Jina la Musa nalo, simu ikiwa imefundishwa kitenzi cha pua kabla ya kufundishwa jina, linaweza kutoka "nusa".

Namba zilizoandikwa kwa maneno ndizo ninazoziogopa zaidi, kwa sababu zinahusu pesa. "Nne" ni 6-6-3. Kwenye kamusi ya Kiingereza vitufe hivyo hutoa "one", yaani moja. Mtu anaandika "nitumie elfu nne", inafika "nitumie elfu one", na kwa jinsi tunavyochanganya lugha mijini msomaji haoni ajabu yoyote. Anatuma 1,000 badala ya 4,000, na kila upande unabaki na kinyongo. "Nane" hutoka "name", ambayo walau inashtua. "Tisa" na "visa" ni vitufe vilevile, kama zilivyo "kumi" na "kuni". Dawa ya hili ni nyepesi: kwenye simu nyingi za vitufe ukikishikilia kitufe kwa muda bila kukiachia, hutoa namba yenyewe. Shikilia 4, kisha 0 mara tatu, na hakuna kamusi itakayoingilia.

Sasa turudi kwenye ujumbe, maana ningeweza kuukomboa pale pale kwenye daladala kama ningetulia. Shahidi alikuwemo ndani. "Maji yote imefika." Maji hayafiki kwa "i", maji yamefika. Mama mdogo amezaliwa na kukulia Tanga, na sijawahi kumsikia akikosea upatanisho wa ngeli hata akiwa na hasira. Neno "yote" halikunisaidia, kwa sababu linakaa sawa na maji na linakaa sawa na mali. Lakini "imefika" inadai nomino nyingine, nomino ya umoja inayochukua i-, yenye umbo la m-a-kitu-i. Jaribu majirani wa j: k inatoa "maki", ambayo siijui, l inatoa "mali". Mali yote imefika. Sentensi imekaa sawa, na papo hapo inajulikana ni ya nani: ni ya mwanamke anayesubiri mzigo.

Ukishapata neno moja la hakika, mengine yanavutwa nalo. Kama mzigo umefika, basi jambo linalofuata ni gharama ya mzigo, nami ndiye niliyeahidi gharama hiyo. "Tuna pesa" haina sababu ya kuwa kwenye ujumbe ule. Vitufe 8-8-6-2 vina maneno manne ya Kiswahili ninayoyajua: tuna, tuma, vuna na vuma. Hakuna wa kuvuna wala wa kuvuma hapa. Inabaki tuma. Na "anakula kesho saa sita", nikiiangalia upya, ni sentensi ya ajabu. Watu hawatangazi chakula cha mchana cha kesho kwa ujumbe wa kulipia. Saa na siku hutajwa kwa safari.

Kwa hiyo mimi hufanya hivi sasa ninapopokea ujumbe kutoka kwenye simu ya vitufe na kitu fulani hakikai vizuri. Sianzi na neno linaloshangaza zaidi, naanza na kiambishi kisichopatana. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba taarifa za mwenzake, na simu inapobadilisha nomino haikirekebishi kitenzi, kwa kuwa mfumo huu huangalia neno moja tu kwa wakati wake; hauna habari na lililotangulia. "Atapewa wewe" inakuambia wazi kwamba aliyekusudiwa ni yeye. "Nusa amefika" inataka mtu mahali pa kwanza.

Lakini upatanisho nao una mipaka, na ni vizuri kuijua. Viambishi wa-, ya- na za- vyote ni 9-2, ndiyo maana "wangu", "yangu" na "zangu" havitofautiki kwa vitufe. Na kuna mgongano mmoja mbaya kuliko yote, ambao sijauona ukizungumzwa popote: -li- na -ki- ni vitufe vilevile, 5-4. "Nilifika" na "nikifika" zote ni 6-4-5-4-3-4-5-2. Lililokwishatokea na ambalo bado halijatokea yanatenganishwa na herufi moja ambayo simu inaichagua kwa kubahatisha.

Hapa sikio la sarufi linasaidia nusu ya njia. Sentensi yenye -ki- huacha mlango wazi, inasubiri ya pili: nikifika, nitafanya nini? Ujumbe ukisema "Mgonjwa akilala." na kuishia hapo kwenye nukta, haujatimia, na inaelekea sana aliyeandika alitaka "alilala". Kinyume chake, "nilifika nitakupigia" inagongana yenyewe kwa yenyewe, na "nikifika" inaiponya. Lakini mtu akiandika "walifika niliwaambia", unaweza kuusoma kwa njia zaidi ya moja na zote zikawa na akili: walifika na ameshawaambia, au alitaka "wakifika". Hapo usikisie. Ujumbe kama "mshindi ni yeye" nao hauna kiambishi chochote cha kushuhudia, na unaweza kuwa umeandikwa kwa mtu ambaye ndiye mshindi mwenyewe. Piga simu, au rudisha ujumbe ukiuliza kwa maneno mengine kabisa, si kwa kurudia neno lilelile, kwa sababu ukiuliza "ni yeye?" naye akajibu "ndiyo, ni wewe", mmerudi pale pale.

Kwa upande wa anayeandika, nilichomwomba mama mdogo ni kidogo. Neno fupi la kuamrisha lina majirani wengi. Neno refu lina wachache. Badala ya "tuma pesa" aandike "naomba unitumie pesa". Vitufe vinane vya "unitumie" nimevigeuza daftarini kila upande na sijapata neno jingine lenye maana ndani yake. Na neno likiwa linabeba uzito, kama siku au kiasi au jina la mtu, ainue macho kabla ya kubonyeza 0. Binti yake alipendekeza kuzima kamusi kabisa. Tukajaribu. Mama mdogo aliandika ujumbe mmoja kwa njia ya zamani, akachoka vidole, akaomba irudishwe.

Jumapili moja kaka alikuja tena Dar, akarudi Muheza kwa basi la jioni. Nilikuwa macho nikisubiri habari. Saa nne na nusu usiku simu ikalia, ujumbe wa maneno mawili: "Kaka salama."

Nikaikodolea macho. 5-2-5-2. Inaweza kuwa kaka amefika salama. Inaweza kuwa "lala salama", jinsi mama mdogo anavyofunga kila siku yake, na basi liko bado njiani. Hakukuwa na kitenzi wala kiambishi cha kuniambia lolote. Nikapiga. Iliita muda mrefu, kisha ikapokelewa na kaka mwenyewe, kwa sauti ya chini. Aliniambia nisiongee kwa nguvu, mama mdogo ameshalala.